Aliyebaki Macho Ndiye Anayeisikia Baraka

Katika video tunazowatengenezea watu waliokosa usingizi, sehemu inayonichukulia muda mrefu kuliko zote ni baraka ya mwisho, nayo haifiki hata dakika moja. Ukiitazama kwa haraka utaona ni ya kuagana tu. Lakini fikiri ni nani anayefika pale. Simulizi yetu huchukua dakika 12 hivi. Aliyelala dakika ya 5 hakuisikia baraka, na aliyelala dakika ya 10 hakuisikia pia. Anayeisikia ni yule ambaye picha zimempita, sauti imempita, hadithi imekwisha, naye bado yu macho. Ukimwambia huyo "sasa umelala, pumzika", unazungumza na watu wasiokuwepo, na yeye unamuacha na uchungu wa ziada, kwamba wenzake wote wameweza na yeye ameshindwa.

Hilo nililijua kwa kukaa na mama. Baba alipofariki, mama alikaa eda nyumbani kwetu Pangani, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka, na usingizi ukamkimbia. Mchana wageni hawakukosekana. Usiku tulibaki wawili. Simu alikuwa nayo, na kila alichokifungua kilimzidishia macho: mawaidha yana mhadhiri anayepaza sauti ghafla, tamthilia inamtaka asubiri mwisho, na habari, basi, habari ni za maafa. Mimi nilikuwa nimetoka redioni, nilikokuwa nikisoma taarifa ya habari na vipindi vya jioni. Nikaanza kumsomea mambo anayoyajua tangu utotoni, namna ukili unavyosukwa, namna makuti yanavyoshonwa, namna maji yanavyojaa na kupwa pale mlangoni mwa mto. Binamu yangu ni mpiga picha za harusi. Alikuja na kamera yake, tukaweka picha juu ya zile simulizi ili shangazi zangu walioko Muscat nao wazipate. Mfululizo ulianza hivyo.

Kitu cha kwanza kinachomweka mtu macho ni hadithi nzuri. Kwa mtu wa redio hili ni gumu kulimeza, maana tumefundishwa kumshika msikilizaji asiondoke. Hapa tunataka aondoke, aondoke wakati wowote, katikati ya sentensi ikibidi, na asiwe amekosa kitu.

Mfano mzuri ni kipindi cha jahazi. Toleo la kwanza lilieleza jahazi linapakia nazi jioni, tanga linapandishwa, linatoka mtoni kuelekea Mkokotoni, Unguja, na taa yake inazidi kuwa ndogo mpaka haionekani. Binamu alikuwa na picha safi kabisa za ile taa. Kusikiliza mchana kilikuwa kipindi kitamu. Asubuhi ya pili mama aliniuliza neno moja tu: "Walifika?" Alikuwa amelala nalo jahazi lile, au tuseme alikesha nalo.

Baadaye kipindi kilipowekwa YouTube, grafu ya watazamaji ilisema jambo lile lile kwa namna yake. Katika video za kawaida mstari ukishuka ni dalili kwamba watu wamechoka wakaondoka. Katika video za usiku mstari huo haukwambii mengi, kwa sababu mtu akilala simu inaendelea kucheza kando ya mto wake, na kwa hesabu ya mtambo ameangalia mpaka mwisho. Huwezi kumtofautisha aliyelala na aliyekodoa macho. Kinachosema kitu ni vilima. Mstari ukipanda ghafla mahali fulani, maana yake watu wamerudisha nyuma kusikiliza tena. Mwenye video ya mapishi angefurahi. Kwetu kilima ni mahali ambapo mtu aliyekuwa anazama amezinduka akashika simu. Kipindi cha jahazi kilikuwa na kilima pale tanga linapopandishwa na kingine pale taa inapopotea.

Tukakiandika upya. Katika toleo la pili jahazi haliendi popote. Limeegeshwa kando ya mto, maji yanapwa, linashuka taratibu mpaka linakaa juu ya tope na kuinama kidogo upande. Fundi anapita na pamba na mafuta, anakalafati mianya ya mbao, ubao huu, kisha ubao unaofuata. Maji yanarudi. Jahazi linasimama, linaelea. Picha ni za mahali pale pale na lugha ni ile ile, ila hakuna mtu unayemsubiri. Vile vilima viwili havikuonekana tena.

Tangu hapo kila andiko ninalipima hivi: nasoma aya moja kwa sauti, nanyamaza, najiuliza kama ninatamani kujua kinachofuata. Nikitamani, aya hiyo naibadilisha. Kazi za mikono zinafaa kuliko safari, na kazi za mikono zinazojirudia zinafaa zaidi. Kusuka ukili ni kipindi kilichotutumikia vizuri kuliko vyote. Miyaa ya mkindu imekaushwa, mmoja unapita juu, mmoja chini, ukili unaongezeka urefu, baadaye zile kili zinashonwa pamoja kuwa mkeka. Msikilizaji akisinzia na kuzinduka kidogo anakuta mkono ule ule unafanya kitendo kile kile.

Maswali tumeyaondoa kabisa. Ukimuuliza mtu gizani "unakumbuka mara ya mwisho ulipofurahi?" umempa kazi ya kufanya, na wengi watalijibu kwa majonzi. Hatutaji tarakimu, na hatutaji saa kwa hali yoyote. Mtu aliyekosa usingizi tayari anapiga hesabu ya saa zilizobaki kabla ya alfajiri, na hesabu hiyo ndiyo inayomfukuzia usingizi. Isitoshe, saa yetu si ya kila mtu. Shangazi zangu kule Muscat wako saa moja mbele yetu, na Mswahili anayeishi Minnesota akikesha, huku kwetu jua limeshapanda. Tunasema "usiku huu", inatosha.

Sasa sauti. Watu wengi wakisikia "simulizi tulivu" huanza kunong'ona. Mimi nakataa. Mnong'ono unaondoa uzito wa sauti na kuacha ncha zake tu, zile s, sh na ch, na Kiswahili kina nyingi: "usiku", "mashua", "kushusha". Katika spika ndogo ya simu zinachoma. Tena anayenong'onewa hujitahidi kusikia, na kujitahidi ni kinyume cha tunachokitaka. Nasoma kwa sauti ya kawaida ya chini, ile unayomtumia mtu aliyekaa kitanda cha pili, mdomo ukiwa kama shibiri moja kutoka kwenye maiki, na maiki yenyewe naiweka pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi isipige moja kwa moja. Kwenye taarifa ya habari nilizoea kama maneno 120 kwa dakika. Hapa ni 75 hivi, kwa hiyo andiko la maneno 900 linajaza zile dakika 12. Upole huo hautokani na kuvuta maneno. Neno nalitamka kwa mwendo wake, kituo ndicho ninachokirefusha. Ukivuta maneno unasikika kama mtu anayeigiza usingizi, na msikilizaji anakugundua upesi.

Pumzi ninazovuta kati ya sentensi siziondoi. Nilipojaribu kuzikata, simulizi ilisikika ya mtu asiyepumua, na mama alisema inamkaba. Zikibaki, na zikiwa za polepole, msikilizaji huanza kupumua nazo bila kuambiwa.

Chumba changu cha kurekodia ni chumba cha kulala, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani na blanketi limetundikwa mlangoni. Feni nazima, friji nachomoa. Nyenje siwezi kuwazima, na hapo kuna mtego. Ukikosea neno, ukakata ile sentensi, sauti ya nyenje iliyo nyuma inaruka. Masikioni inaingia kama kikwazo kidogo usichojua kimetoka wapi, lakini mtu aliye nusu usingizi anakisikia vizuri. Dawa yake ni kurekodi dakika nzima ya chumba kikiwa kimya, bila mtu kusema, kisha kuitandika chini ya simulizi yote kuziba viraka. Wakati wa kusi, upepo unapovuma kwa nguvu na mabati yanalia, sirekodi, nasubiri.

Jambo linaloharibu kazi kuliko yote ni sauti isiyo sawa. Msikilizaji anaweka simu chini, karibu na mwisho wa kusikia. Neno likizama anaongeza sauti, halafu sentensi inayofuata inakuja na nguvu zake na kumshtua. Kwa hiyo nasawazisha kabla ya kuunganisha na picha. Natumia ffmpeg, programu ya kompyuta ya kuchakata sauti na video, na amri yake ni hii:

```
ffmpeg -i simulizi.wav -af "highpass=f=80,loudnorm=I=-18:TP=-3:LRA=5" -ar 48000 tayari.wav
```

Sehemu ya kwanza inaondoa mngurumo wa chini, wa magari na wa jenereta ya jirani. Ya pili inaleta wastani wa sauti kwenye -18 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho namba ikizidi kwenda chini ya sifuri sauti inazidi kuwa ndogo, na kubana tofauti kati ya neno la chini na la juu. Hiyo -18 tumeichagua kwa sababu. YouTube hushusha video iliyo juu ya -14 lakini haipandishi iliyo chini. Tukiweka -24, kweli ni pole, ila mtazamaji ataongeza sauti ya simu ili asikie, na tangazo lolote litakalofuata litamlipukia sikioni. Tukiweka -14 tunafanana na kila kelele nyingine. Amri hii ina udhaifu mmoja: kwenye vituo virefu inaweza kupandisha ile kelele ya chini, ukasikia nyenje wanaongezeka mimi ninaponyamaza. Nikiisikia hiyo narudi kuvisawazisha vituo hivyo kwa mkono.

Picha nitazisema kwa ufupi, ingawa binamu angetaka zitangulie. Watu wengi hawazitazami, simu imelala kifudifudi. Picha ipo kwa ajili ya jicho linalofunguka mara moja gizani, na jicho hilo likute kitu kile kile lililokiacha. Kwa hiyo kamera inasimama kwenye stendi, haisogei, na picha moja inakaa dakika nzima au zaidi kabla ya kuyeyukia kwenye nyingine. Binamu anapiga fremu 50 kwa sekunde na kuzicheza kwa 25, maji yanakuwa mazito kidogo. Akipunguza zaidi ya hapo yanaanza kuonekana ya ajabu, na jicho hukodolea kitu cha ajabu. Picha zilizotufaa kuliko zote ni za karabai za wavuvi wa dagaa, usiku wa giza la mwezi, mstari wa taa baharini usiobadilika. Tabu yake ni kwamba video ikishabanwa kwa ajili ya mtandao, anga jeusi linagawanyika mistari na vipande, kana kwamba limepakwa rangi vibaya. Kuongeza chembechembe laini juu ya picha nzima kunaificha mistari hiyo. Weupe ni marufuku: hakuna nembo nyeupe mwanzoni, hakuna ukurasa mweupe wa majina mwishoni. Skrini moja nyeupe inaangaza chumba kizima na kumwamsha mtoto aliyelala pembeni.

Nirudi kwenye baraka. Rasimu ya kwanza niliiandika kwa mapenzi yote na nikamsomea mama kabla ya kuirekodi. Ilikuwa na maneno "Mungu akulaze mahali pema, upumzike kwa amani." Mama alinikatiza. "Mwanangu, hiyo ni dua ya maiti. Umsomee mgonjwa aliye peke yake usiku, atalala kweli?" Alikuwa ametoka kuyasikia maneno hayo kwa siku nyingi, kila aliyekuja kuhani aliyasema. Tangu siku hiyo kila baraka naipitisha kwake, nasi tunaangalia kwanza kama kuna neno linalonukia msiba, maana wanaokesha wengi wana mgonjwa au wana kaburi jipya.

La pili tunaloangalia ni la yule aliyebaki macho. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza njia ambayo mpaka leo ni sehemu ya matibabu ya kukosa usingizi: mtu asiendelee kulala kitandani akipigana. Ikipita kama dakika 20 bila usingizi, ainuke, akae mahali pengine penye mwanga hafifu, arudi kitandani akisikia usingizi unamjia. Mwili usije ukazoea kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Nilipolielewa hilo niliona kwamba baraka yetu, inayofika baada ya dakika 12, inamkuta mtu karibu na wakati ule ule anaopaswa kuruhusiwa kuinuka. Kumwambia "lala, lala" wakati huo kunampa mtihani mwingine wa kushindwa. Kumruhusu ainuke kunamwondolea mtihani. Na anayeinuka hana haja ya kuja na sisi, simu aiache pale pale.

La tatu, iwe ya kila mtu. Pangani Waislamu na Wakristo tunazikana na kuozana, na mfululizo huu ni wa wote. Tunasema "Mungu", hatuendi zaidi ya hapo, na hatumwombi msikilizaji aseme amina. Hatusemi pia "mlango umefungwa" wala "uko kwako", kwani kuna anayesikiliza yuko lindoni na kuna aliye kwenye nyumba ya mwajiri ugenini. Baraka tunayoitumia sasa ni hii:

"Wewe uliye macho bado, Mungu yu macho pamoja nawe. Ya leo yametosha. Ulio mbali nao, Mungu awatunze. Ukitaka kugeuka, geuka. Ukitaka kuinuka ukae kidogo, inuka, hujaharibu kitu. Usingizi una njia yake ya kurudi. Mungu akupe utulivu mpaka kunapambazuka, na asubuhi akuinue na nguvu. Alamsiki."

Baada ya "alamsiki" naacha sekunde kadhaa za ukimya, kwa sababu wazee wa pwani hawawezi kuiacha salamu hiyo bila kuitikia. Mama huitikia "binuru" kila mara, hata akiwa amefumba macho.

Kwenye maelezo chini ya kila video tumeandika, bila kuzunguka, kwamba anayekosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu aende kituo cha afya, na hivyo hivyo anayekoroma kisha akashtuka anakosa pumzi. Sauti ya mtu inaweza kukaa na mwenye huzuni. Koo linaloziba usiku haiwezi kulitibu.

Tena video haikomei kwenye baraka. Tungeikomesha pale, YouTube ingefungua video nyingine yenyewe, na hatujui itafungua ipi. Inaweza kuwa muziki wa harusi. Kwa hiyo baada ya baraka kuna saa nzima ya bahari, picha ikizama taratibu mpaka nyeusi kabisa, sauti ya maji ikipungua polepole kiasi kwamba huwezi kusema imepungua lini. Tulijaribu kwanza dakika 10, hazikutosha: usingizi wa mwanzo ni mwepesi na mabadiliko ya sauti yanautoboa.

Urefu huo umetuletea suala la matangazo. Video yoyote ya dakika 8 au zaidi inaweza kuwekewa matangazo katikati, na kwa mwenye video ndefu ndiyo yenye pesa. Sisi tumeyazima ya katikati katika vipindi vyote. La mwanzoni tumeliacha, mtu bado yu macho na simu iko mkononi mwake. Binamu alinionyesha hesabu ya tunachokiacha, na si kidogo kwa mtu anayelipia bando na kubadilisha betri za kamera. Tumekubaliana kwamba harusi za mchana ndizo zitakazoilipia kazi ya usiku, na kwamba mwaka huu hatutaongeza vipindi kuliko tunavyoweza kuvifanya hivyo. Kinachofuata ni cha kushona makuti, picha zimeshapigwa, tunangoja kusi itulie turekodi sauti.